Nilizuia toleo lisifike 2, ripoti ikafa vilevile. Hizi namba tatu zinaahidi nini hasa?

#1 Mpiga_Ripoti

Wakuu, habari za jioni. Niko Dar, kampuni ya usambazaji. Moja ya kazi zangu ni skripti ya Python inayoamka saa kumi na moja alfajiri, inasoma mauzo ya jana na kutuma jedwali kwa mameneja kabla hawajanywa chai. Imekimbia miaka mitatu sijaigusa.

Ijumaa tukahamia seva mpya. Python ni ileile 3.10, faili la `requirements.txt` ni lilelile. Jumamosi nikaamshwa na simu, ripoti hakuna. Kufungua logi nakuta hivi:

```
AttributeError: module 'numpy' has no attribute 'int'.
```

Kinachoniuma ni kwamba mimi si mzembe. Kwenye faili nilijenga ukuta kwa makusudi:

```
numpy>=1.21,<2
```

Nilifundishwa kwamba namba ya mbele ikipanda ujue kuna kitu kimevunjwa, ya kati ikipanda wameongeza vitu, ya mwisho ikipanda wameziba matundu. Ndiyo maana nikaizuia 2 mlangoni. Seva ya zamani ilikuwa na NumPy 1.22.4, hii mpya imejichukulia 1.26.4. Mbele ni 1 na 1! Sasa mimi ndiye sijaelewa au wao ndio waliokiuka?

#2 Jeshi_la_Mtu_Mmoja

Mkuu, namba ya toleo inapima ukubwa wa kazi iliyofanyika. Wakiandika programu upya wanapandisha ya mbele, wakigusa kidogo wanapandisha ya nyuma. Kutoka 1.22 hadi 1.26 ni nukta sifuri nne tu, hakuna cha kuua skripti hapo. Naona hukuiweka vizuri kwenye seva. Futa, weka upya.

#3 Mpiga_Ripoti

Nimefuta na kuweka upya mara tatu, mkuu. Kosa ni hilohilo, mstari uleule.

#4 MwanaKombo

Jeshi, mdogo wangu, umepatia kidogo na umekosea pakubwa. Tuanze na nukta. Ile si nukta ya desimali, ni uzio kati ya namba tatu zinazohesabiwa kila moja peke yake. Baada ya 1.9 inakuja 1.10, na 1.10 ni mpya kuliko 1.9, ingawa darasani 1.10 ni ndogo. Kwa hiyo hakuna "sifuri nne" hapo. Kuna matoleo manne ya kati yaliyopitwa kwa mpigo: 1.23, 1.24, 1.25, 1.26.

La pili ndilo kubwa. Namba haipimi wingi wa kazi. Mimi naweza kuibomoa laibrari yangu ndani, nikabadilisha mistari elfu tano iende mbio zaidi, na kama kila fanksheni unayoiita bado inaitwa vilevile na inajibu vilevile, napandisha namba ya mwisho tu. Kisha kesho nabadilisha jina la fanksheni moja, neno moja kwenye mstari mmoja, na hapo nalazimika kupandisha ya mbele, kwa sababu kila aliyekuwa akiita jina la zamani ataanguka. Namba inazungumzia mlango ambao mtumiaji anaingilia, haizungumzii samani za ndani.

Hayo ni kwa anayefuata SemVer, ule mwongozo alioandika Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub. Na hapo ndipo jibu lako lilipo, Mpiga_Ripoti. Uliusoma mwongozo wa SemVer ukadhani NumPy nao wamefunga nao ndoa. Hawakufunga. Wao wana utaratibu wao: kitu kitakachoondolewa kinatangazwa kwanza kwa onyo, onyo linakaa matoleo ya kati yasiyopungua mawili, halafu kinaondolewa, hata kama namba ya mbele haijasogea. `np.int` ilianza kuonywa kwenye 1.20, mwanzoni mwa 2021. Ikaondolewa kwenye 1.24, Desemba 2022. Ulipokuwa 1.22.4 ulikuwa katikati ya kipindi cha kuonywa. Ukuta wako ulikuwa mzima, ila ulijengwa kwenye mpaka wa shamba lingine.

Dawa yenyewe ni rahisi. `np.int` haikuwa aina ya namba ya NumPy kamwe, lilikuwa jina la pili la `int` ya Python yenyewe. Watu walidhani wanapata kitu maalumu, ndiyo sababu wakaiondoa. Weka `int`, au `np.int64` ukitaka biti 64 kwa uhakika.

#5 Jeshi_la_Mtu_Mmoja

Dada, hilo la nukta nimelikubali. Lakini la kuandika upya sijakosea. Linux ilipotoka 2.6 kwenda 3.0 si waliibadilisha kabisa?

#6 MwanaKombo

Bahati mbaya umechagua mfano unaokugeuka. Mwaka 2011 Linus Torvalds alitoka 2.6.39 akaenda 3.0 na akasema wazi hakuna jambo kubwa lililobadilika, namba za nyuma zilikuwa zimekua mno tu. 4.0, 5.0 na 6.0 zimekuja kwa mtindo huohuo. Kwenye kiini cha Linux namba ya mbele haikuambii chochote kuhusu hatari. Ubuntu 24.04 nayo ni Aprili 2024, ni kalenda tu. Kila mradi una lahaja yake, na zote zinaandikwa kwa nukta zilezile.

#7 mama_Naila

Samahani wakuu, naomba kuchomekea. Simu yangu inaniletea "security patch" kila baada ya muda, na sasa inataka kunitoa Android 13 kwenda 14. Kwa maelezo haya ya dada, ile ndogo niikubali na ile kubwa niiache? Nafasi kwenye simu nayo imebaki kidogo.

#8 Otis_Kisumu

Mama Naila, hapa tunaongelea laibrari ambazo programu za watu zinategemea, lakini swali si baya. Ya usalama ikubali, ni kuziba matundu, na ukiangalia inatambulishwa kwa tarehe badala ya hizi namba tatu. Kwenda 14 kwanza hamisha picha upate nafasi, na uhakikishe zile app za benki unazotumia zinafanya kazi humo.

#9 mama_Naila

Asante mwanangu. Nitahamisha picha kwanza.

#10 Mpiga_Ripoti

MwanaKombo, nashukuru sana dada. Nimebadilisha, imeamka. Ila kuna jambo linanisumbua. Unasema walionya tangu 2021. Mimi ile skripti nimeiendesha kwa mkono mara nyingi na sijawahi kuona onyo hata moja. Au lilikuwa linaenda kwa `cron` likapotelea huko?

#11 MwanaKombo

Niambie kwanza: hiyo mistari yenye `np.int` imo kwenye faili unaloliendesha, au kwenye faili jingine unaloliita kutoka humo?

#12 Mpiga_Ripoti

Iko kwenye `mahesabu.py`. Ninayoiendesha ni `ripoti.py`, inaiita hiyo.

#13 MwanaKombo

Basi ndiyo hapo. Python ina tabia moja ambayo binafsi naiona ya ajabu: onyo la aina ya `DeprecationWarning` huonyeshwa tu kama limezuka ndani ya faili lile unaloliendesha moja kwa moja. Likizuka ndani ya faili lililoitwa, linamezwa kimya. Wazo lao ni kwamba mtumiaji wa kawaida asisumbuliwe na makosa ya laibrari za wengine. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyepanga kazi yake vizuri kwenye mafaili mawili haonywi, na aliyerundika kila kitu kwenye faili moja anaonywa.

Kama ile seva ya zamani bado ipo, ingia ujaribu hivi:

```
python -W error::DeprecationWarning ripoti.py
```

Hapo kila onyo linageuzwa kosa, skripti inasimama kwenye mstari wenye shida. Unaurekebisha, unaendesha tena, inasimama kwenye unaofuata. Ndiyo namna ya kujua toleo lijalo la kati litakuvunja wapi kabla halijakuvunja. Si mara zote ni kosa lako. Wakati mwingine itasimama ndani ya laibrari ya mtu mwingine, na hapo ni kungoja mwenyewe airekebishe.

#14 Jeshi_la_Mtu_Mmoja

Mnazunguka mbuyu. Andika `==` kwa kila kitu, lala usingizi. Mimi sijaguswa na toleo lolote tangu 2022.

#15 Otis_Kisumu

Upande wetu wa Node huo usingizi niliuona ukiwa mtamu hadi niliposoma kilichoipata `event-stream`. Niwasimulie, maana inapindua yale mambo ya "namba ya mwisho ni salama".

Kwa wasiotumia npm: ukiweka laibrari, inaandikwa na kikofia mbele, kwa mfano `^3.3.5`. Kikofia kinasema "nichukulie lolote jipya, mradi la mbele libaki 3". Yaani tumeshakubali kabla kwamba ya kati na ya mwisho hazina madhara, tunazipokea bila kutazama.

Sasa, mwenye `event-stream` alikuwa amechoka nayo, akajitokeza mtu wa kujitolea, akampa funguo. Septemba 2018 huyo mgeni akatoa 3.3.6. Namba ya mwisho tu, si ndiyo? Ndani aliongeza laibrari ndogo inayoitwa `flatmap-stream`, kwa kikofia pia, `^0.1.0`. Ukiifungua 0.1.0 ilikuwa safi. Baadaye ikatoka 0.1.1, na hiyo ndiyo iliyobeba sumu, imelengwa kuiba kwenye pochi ya bitcoin iitwayo Copay. Kila aliyesakinisha upya akaipokea, kwa sababu ilikuwa namba ya mwisho imesogea kwa moja.

Na sehemu inayonifanya nimheshimu yule mwizi kwa shingo upande ni hii: katikati ya hayo akatoa `event-stream` 4.0.0 ambayo haina ile laibrari kabisa. Kwa hiyo aliyekuwa jasiri akapanda toleo "la hatari" alikuwa salama. Aliyebaki 3 kwa uangalifu ndiye aliyekunywa sumu. Iligundulika Novemba.

#16 Jeshi_la_Mtu_Mmoja

Si ndiyo nasema? `==` ingewaokoa.

#17 Otis_Kisumu

Kwenye Node ukiwa na `package-lock.json` na ukatumia `npm ci` badala ya `npm install`, ndiyo, unapata kilekile kilichoandikwa, hadi laibrari za ndani kabisa. Nakupa hiyo. Lakini ukifunga na sumu tayari imo, umeifungia ndani.

#18 MwanaKombo

Kufunga nakubali, kufunga milele ndiko siko. Chukua mfano wa mwenyeji wetu. Tuseme amefunga `numpy==1.22.4` akalala kama Jeshi. Mwakani seva inakuja na Python 3.12. Hiyo Python yenyewe iliondoa `distutils`, ambayo NumPy za zamani ziliitegemea kujijenga, na angalieni, imeondolewa kwa namba ya kati, kutoka 3.11 kwenda 3.12, baada ya kuonya tangu 3.10. NumPy ya kwanza kuja tayari kwa 3.12 ni 1.26. Kwa hiyo 1.22.4 haitaki kuingia, na analazimika kuruka hatua zote kwa siku moja, na simu inalia. Aliyekuwa akipanda toleo moja moja la kati kila baada ya miezi sita angekuwa na kijikazi cha nusu saa.

Halafu kuna mtego kwa wanaotaka njia ya kati. Python ina alama `~=`, na tarakimu utakazoandika ndizo zinazoamua:

```
numpy~=1.22.4
numpy~=1.22
```

Ya juu inaruhusu namba ya mwisho tu isogee, hutatoka 1.22. Ya chini inaruhusu ya kati isogee hadi kabla ya 2, yaani ni karibu ukuta uleule uliomwangusha Mpiga_Ripoti. Tofauti ni tarakimu moja, na nimewahi kuona mtu akiifuta "kusafisha faili".

#19 Mpiga_Ripoti

Kwa hiyo kwa NumPy naandika ya juu, kwa laibrari zinazofuata SemVer kweli naandika ya chini?

#20 MwanaKombo

Takriban. Lakini "kweli" hiyo huijui kwa kusoma tovuti yao, unaijua kwa kusoma maelezo ya matoleo mawili matatu yaliyopita. Tafuta palipoandikwa kwamba kitu kimeondolewa, halafu angalia ni namba gani ilisogea siku hiyo. pandas kwa mfano walionya kuhusu `DataFrame.append` kwenye 1.4 na wakaiondoa kwenye 2.0, namba ya mbele. Hapo ukuta wako wa `<2` ungekulinda sawasawa.

Na ukikuta laibrari inaanza na 0, sahau yote haya. Mwongozo wenyewe unasema chini ya 1 mwandishi anaruhusiwa kuvunja chochote wakati wowote. Kikofia cha npm kinalijua hilo: `^0.1.0` inakubali 0.1.1 lakini inakataa 0.2.0. Otis, ndiyo maana yule jamaa wako alibandika sumu kwenye 0.1.1. Angeiita 0.2.0 isingepita.

#21 Otis_Kisumu

Aisee. Hilo sikuwahi kuliunganisha.

#22 MwanaKombo

Sasa mimi niwape kesi yangu, maana nimewahukumu wengine sana na sijui kama mimi nilikuwa sahihi.

Ninatunza laibrari ya ndani kazini ya kukokotoa tozo. Maelezo yake yaliandikwa wazi tangu mwanzo: tozo inakadiriwa hadi shilingi iliyo karibu. Lakini msimbo wenyewe ulikuwa unakata tu sehemu za shilingi. Muamala wa 12,370 kwa asilimia 1.5 unatoa 185.55. Ilipaswa kujibu 186, ikawa inajibu 185. Nikarekebisha, nikaitoa kama 2.3.1. Kuziba tundu, namba ya mwisho, kwa mwongozo sina kosa.

Kumbe timu nyingine walishaona zamani kwamba hesabu zao hazilingani na za benki kwa shilingi moja moja. Hawakuniambia. Waliandika kwao mstari: senti zikifika nusu, ongeza moja. Jumatatu 2.3.1 ikaingia yenyewe, wakaanza kutoza 187. Ni shilingi moja, lakini kwenye maelfu ya miamala, na mteja anayesoma risiti anaiona.

Wao wanasema ningepaswa kuiita 3.0.0 kwa sababu jibu limebadilika. Mimi nasema niliahidi 186 kwenye karatasi, sikuahidi 185.

#23 Jeshi_la_Mtu_Mmoja

Hapa niko nao, dada. Ulisema mwenyewe kwamba kama inajibu vilevile ni namba ya mwisho. Haikujibu vilevile.

#24 MwanaKombo

Umenishika. Lakini kwa kipimo hicho kila hitilafu inayorekebishwa ni toleo la mbele, maana kurekebisha ni kubadilisha jibu. Nitafika 40.0.0 kabla ya Krismasi na hakuna atakayeogopa namba ya mbele tena.

#25 Otis_Kisumu

Mimi ningeiita 2.4.0. Si kwamba sheria inasema hivyo, ila ya kati ingewafanya angalau wafungue maelezo wasome. Fedha ni fedha.

#26 MwanaKombo

Nayo ingeingia yenyewe vilevile. Faili lao linaruhusu lolote chini ya 3, hawasomi.

#27 hesabu_kavu

Mimi ni mhasibu, nimepita tu. Aliyeongeza shilingi kimya bila kumwambia mwenye hesabu ndiye mwenye kosa, iwe namba ya mbele au ya nyuma.

#28 Jeshi_la_Mtu_Mmoja

Mhasibu, na aliyeandika 186 kwenye karatasi akawa anatoa 185 miaka yote?

#29 Mpiga_Ripoti

Mrejesho wakuu. Ile seva ya zamani walikuwa hawajaizima, nimeendesha ile amri ya dada. Imesimama mara nne: tatu zilikuwa `np.int` na moja `np.float`, zote `mahesabu.py`. Nimerekebisha, ripoti ya leo alfajiri imefika saa 11:04. Nimeandika `numpy~=1.26.4` kwa sasa.

Kisha nikaiendesha amri ileile kwenye seva mpya. Imesimama tena, na safari hii si kwangu, ni ndani ya laibrari inayoandika lile jedwali. Mwandishi wake mara ya mwisho alitoa toleo miaka miwili iliyopita, na namba yake inaanza na 0. Kuna anayejua nyingine ya kuandika `.xlsx` ambayo bado ina mwenyewe?